Mwongozo kamili: kuweka kikomo cha wageni wa kulala kwenye nyumba ya wapangaji bila kuonekana unawashuku

"Kuanzia leo sitaki kuona mgeni analala humu ndani bila ruhusa yangu. Atakayekaidi atafute pa kuhamia."

Ujumbe huu, au pacha wake, nimeonyeshwa na wenye nyumba wanne hapa Dodoma tangu mwaka uanze, kila mmoja akiuliza amekosea wapi. Wa tano ni mimi mwenyewe. Niliutuma saa nne usiku, nikiwa na hasira ya kufungua bomba na kusikia upepo. Mpangaji wangu mzuri kuliko wote, nesi wa zamu za usiku, alinisalimia kwa kichwa tu wiki tatu mfululizo, kisha akahama. Alikuwa hajawahi kulaza mgeni hata mmoja.

Ukiusoma tena ujumbe ule utaona hauna namba yoyote. Hausemi mgeni mmoja au watatu, siku mbili au ishirini. Kilichomo ni neno "ruhusa", na mtu mzima aliyelipa kodi ya miezi sita akilisikia hilo haoni kikomo, anaona jicho la mtu dirishani. Dawa yake ni namba inayotoka kwenye nyumba yenyewe, na neno "taarifa" mahali pa "ruhusa". Hatua zilizo hapa chini ni za kukufikisha hapo.

Mwongozo unahusu nyumba ya aina moja: vyumba kadhaa vyenye koridoo katikati au vinavyotazamana uani, choo na bafu vya kuchangia, LUKU moja, tangi moja la maji. Kama vyumba vyako vyote ni masta na kila kimoja kina mita yake, utahitaji hatua chache tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la kaunta moja na kalamu. Usitumie simu kwa kazi hii, utaona sababu.
- Mikataba ya wapangaji wote, hata ile ya karatasi moja mliyoandikiana mezani.
- Mita ya maji unayoweza kuisoma, na ujazo wa tangi lako kwa lita. Umeandikwa ubavuni mwa tangi.
- Ratiba ya mgao wa maji mtaani kwako, ile halisi. Kama karatasi inasema Jumatatu na maji huja Jumanne, andika Jumanne.
- Wiki mbili za subira. Hii ndiyo inayowashinda wengi.

## Hatua ya 1: Pima nyumba, usipime watu

Kwa wiki mbili usiseme chochote kuhusu wageni. Soma mita ya maji siku ya kwanza na siku ya kumi na nne, na andika kila asubuhi ni watu wangapi waliolala ndani. Usigonge milango kuuliza. Nyumba ya vyumba sita inajulikana tu, kwa ndoo zilizopangwa bafuni na viatu vilivyo mlangoni.

Nitaonyesha kwa nyumba yangu ya Makulu. Ina vyumba sita na wapangaji wanane, kwa sababu vyumba viwili vina mke na mume. Tangi lilikuwa la lita 2,000. Maji yanatufikia Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo pengo refu ni siku nne, Ijumaa hadi Jumanne.

Katika wiki mbili nilizopima hakukuwa na mgeni hata mmoja, na hilo ni bahati. Mita ilisogea uniti 5.6, na kwa kuwa uniti moja ya maji ni lita 1,000, hizo ni lita 5,600. Watu wanane kwa siku 14 ni sawa na mtu mmoja kwa siku 112. Gawanya 5,600 kwa 112, unapata lita 50 kwa mtu kwa siku: kuoga, choo, vyombo na kufua kidogo.

Ukipata wageni katikati ya wiki zako mbili, nao wahesabu. Ukiwaacha nje ya hesabu, wapangaji wataonekana wanatumia maji mengi kuliko kweli, na namba yako itakuwa ya kuwabana.

Kwa nini tunaanza hapa. Mpangaji akikuuliza "kwa nini saba na si kumi?", lazima uwe na jibu lisilomgusa yeye. Tangi halina chuki na mtu. Nikisema "maji hayafiki Jumanne", nazungumzia tangi. Nikisema "wageni wamezidi", nazungumzia ndugu zake.

Tahadhari. Usianze na usalama. Najua kuna usiku unasikia mwanaume usiyemjua anakohoa koridoni na usingizi unakatika. Lakini ukianza na neno hilo, kila aliyewahi kuleta mtu atasikia umemwita mgeni wake mwizi. Habari ya heshima ya nyumba iache pia. Mama mzazi kutoka Mpwapwa na rafiki wa kike kutoka Ipagala wanaoga maji yaleyale, na uhusiano wao na mpangaji haukuhusu.

Utajua imekaa sawa ukiweza kueleza kikomo chako kwa sentensi moja isiyo na jina la mpangaji wala neno "tabia".

## Hatua ya 2: Geuza lita ziwe idadi ya usiku

Watu wanane mara lita 50 ni lita 400 kwa siku. Kwa pengo la siku nne ni lita 1,600. Tangi lina 2,000, kwa hiyo zinabaki 400. Hizo zinatosha mgeni mmoja kwa siku nane, au wageni wawili kwa siku nne zote.

Wakija wageni watatu pamoja kwa siku zote nne, wanahitaji lita 600. Nyumba ya watu 11 inamaliza lita 1,650 hadi Jumapili usiku, na Jumatatu inaamka na lita 350 mahali pa 550. Ndiyo maana kwangu bomba lilikuwa linakauka Jumatatu alasiri, na wa kwanza kukosa maji alikuwa anayerudi kazini jioni, ambaye mara nyingi si yeye mwenye mgeni.

Sasa hesabu ya mwezi. Nafasi mbili kila usiku kwa siku 30 ni usiku 60 wa wageni kwa nyumba nzima. Gawa kwa vyumba sita, kila chumba kinapata usiku 10.

Usitoe wote kumi. Mimi nilianza kwa kutoa 7 kwa kila chumba, jumla 42, na 18 zikabaki kuwa akiba. Dodoma bila akiba utaumbuka. Ndugu anakuja kliniki Hospitali ya Benjamin Mkapa akiambiwa arudi kesho, na kesho akaambiwa wiki ijayo. Mdogo wa mtu anakuja kufuatilia mambo yake ya chuo. Bunge la bajeti likianza Aprili gesti zinapanda bei, na anayekuja na shughuli zake mjini anamkumbuka binamu yake aliyepanga Makulu.

Kisha eleza "mgeni wa kulala" ni nani, kwa kipimo kinachoonekana kwa macho. Kwangu ni aliyekuwepo geti linapofungwa saa tano usiku na bado yupo linapofunguliwa alfajiri. Aliyekuja kula ugali akaondoka saa nne hahesabiwi, hata akija kila siku. Mtoto anayenyonya hahesabiwi. Wageni wawili kwa usiku mmoja ni usiku miwili.

Tahadhari. Usiweke masharti mawili yanayopishana, kama "siku saba kwa mwezi ila si zaidi ya tatu mfululizo na si wikiendi". Kila sharti unaloongeza ni mlango wa mabishano. Namba moja inatosha, mpangaji azitumie zote kwa mpigo au azitawanye apendavyo.

## Hatua ya 3: Fungua mikataba kabla hujafungua mdomo

Kama mkataba hausemi chochote kuhusu wageni, huwezi kuliingiza jambo katikati ya kipindi kilicholipiwa na kuliita sharti. Mpangaji aliyelipa hadi Desemba ana makubaliano yake hadi Desemba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamlinda mpangaji anayelipa kodi na kutimiza wajibu wake akae kwa utulivu bila kusumbuliwa, na kumpekua chumbani usiku ni usumbufu kwa hesabu yoyote.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza ni kuomba makubaliano sasa, kila mmoja asaini karatasi ya nyongeza kwa hiari. Ya pili ni kungoja kila mkataba unapoisha na kuliingiza kwenye mpya. Mimi hufanya zote: naomba sasa, na asiyetaka simlazimishi, tunakutana kwenye mkataba mpya. Katika vyumba sita walisaini watano. Wa sita alisema atafuata ila hasaini kitu, na kweli akafuata.

Chochote ufanye, usifunge geti mgeni wa mtu akiwa nje na usizime umeme wa chumba. Shauri la namna hiyo likifika kwa mwenyekiti wa mtaa hutaulizwa habari za tangi. Utaulizwa kwa nini ulimfungia mtu nje.

## Hatua ya 4: Ongea kwanza na mwenye mgeni wa sasa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama utaonekana mtu mwenye shaka.

Karibu kila mara anayetafuta kikomo ana mtu mmoja kichwani. Kwangu alikuwa kijana wa chumba cha nne, fundi umeme, ambaye mdogo wake alikuja "siku tatu" kutoka Kondoa na sasa alikuwa ana wiki ya saba. Ukiitisha kikao bila kuzungumza naye, kila mtu atageuza shingo kumtazama na atakaa pale kama mshtakiwa. Baada ya hapo hata ukiwa na hesabu nzuri namna gani, kikao kilikuwa chake.

Nilimpata asubuhi ya Ijumaa akiosha pikipiki yake uani. Niliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nakumbuka mazungumzo karibu yote, maana nilikuwa nimeyapanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mdogo wako anaendeleaje na kutafuta kibarua?"

"Bado mama. Ameahidiwa kule Ihumwa, tunasubiri."

"Mungu amjalie. Nataka nikwambie jambo kabla sijawaambia wenzako, lisikufikie kwa mshangao. Nilipima maji wiki mbili nyumba ikiwa haina mgeni. Tangi linabeba wageni wawili, wakizidi Jumatatu tunakauka. Kesho kutwa nataka tukae wote tupange idadi. Mdogo wako ameshapita umri wa mgeni, kwa hiyo yeye hatutamwita mgeni. Nataka tujue tumhesabu vipi."

Alinyamaza kidogo, akaikamua ile tambara. "Unataka aondoke?"

"Sijasema aondoke. Akikaa, awe mkazi. Ahesabiwe kwenye maji na umeme, na twende wote kwa mjumbe tumtambulishe. Akiondoka mwisho wa mwezi, ni sawa pia. Chagua wewe, uniambie kabla ya Jumapili."

Angalia mambo matatu hapo. Nilianza na hali ya mdogo mtu, na nilitaka kujua kweli. Nilitaja tangi kabla ya kumtaja yeye. Na nilimpa njia mbili, zote za heshima, na siku ya kujibu. Alichagua mdogo wake akae miezi miwili akichangia. Alipata kibarua mwezi uliofuata akahamia karibu na kazi.

Tahadhari. Usitume mtu, na hasa usimtume mpangaji mwingine. Na usitumie ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Inachekesha ukiwa wewe ndiye mwenyeji. Ikisemwa na mwenye nyumba inamfikia mgeni kama matusi.

Dalili kwamba umekosea: jioni hiyohiyo mgeni anahamishwa kwa bajaji na begi lake, na mpangaji hakuagi. Ukiona hivyo, rudi siku ya pili useme wazi kwamba hukutaka aondoke usiku ule, kisha nenda kwenye kikao bila kulitaja.

## Hatua ya 5: Kikao cha nusu saa

Jumapili alasiri ni wakati mzuri. Watu wa ibada wamerudi, na wa zamu ya usiku wameamka. Kaa nao chini, mkekani au kwenye ngazi, usisimame mlangoni. Lete daftari.

Onyesha hesabu ya maji mbele yao, na mwache mmoja aisome kwa sauti. Kisha sema namba yako, na usiulize "mnakubali?" Wataitikia "ndiyo mama" wote, halafu watakwenda kunung'unika chumbani. Uliza hivi: "Ni lini namba hii itawashinda?"

Swali hilo linabadilisha kikao. Kwangu, mke wa chumba cha pili alisema mwezi Novemba anatarajia kujifungua na mama yake atakuja kumlea mzazi siku arobaini. Mwanafunzi wa chumba cha sita alisema wakati wa mitihani wanasoma wawili hadi alfajiri, na mwenzake hawezi kurudi Ng'ong'ona saa nane usiku. Siku arobaini tuliziandika kama jambo la nyumba nzima, na bibi akahesabiwa mkazi wa muda. Mwanafunzi alitumia zile saba zake, akazipanga vizuri kuliko sisi wote.

Mtu atauliza, "Na wageni wako mama?" Asipouliza, liseme mwenyewe. Kama unaishi kwenye nyumba hiyo, wewe pia ni chumba kimoja na una usiku 7. Mimi siishi ndani, lakini Pasaka moja nilileta wapwa zangu wawili kutoka Kongwa wakalala chumba kilichokuwa wazi siku tano. Hizo ni usiku 10, nimezidi kwa tatu. Niliwasomea ukurasa wangu kwenye daftari. Walicheka, na kikao kikalegea hapohapo.

Mjadala ukigeuka kuwa mashtaka, "mbona yule wa chumba fulani ana mwanaume kila Ijumaa", kata mapema. Sema: "Ijumaa nne ni usiku nne, ana saba." Halafu nenda kwenye jambo jingine.

## Hatua ya 6: Iandike kwa maneno machache

Andika siku hiyohiyo au kesho yake, watu wakiwa bado wanakumbuka walichosema. Hii ndiyo karatasi yangu ya mwanzo, unaweza kuichukua na kubadilisha namba:

> *Makubaliano ya wageni wa kulala. Kila chumba kina usiku 7 wa wageni kwa mwezi, kwa mpangilio wowote. Mgeni wa kulala ni aliyepo geti linapofungwa saa 5 usiku na bado yupo alfajiri. Mwenye mgeni atoe taarifa kabla ya saa 2 usiku: chumba na idadi ya usiku. Hahitaji kusema ni nani wala anatoka wapi. Mgeni akizidi usiku 7 anahesabiwa mkazi wa muda na anachangia maji na umeme kama wengine, hadi atakapoondoka. Ugonjwa, uzazi na msiba tutazungumza wenyewe. Mwenye nyumba naye anafuata haya. Namba hii imetokana na tangi la lita 2,000 na mgao wa siku mbili kwa wiki. Hayo yakibadilika, tutakaa tena.*

Maneno mawili yanafanya kazi kubwa hapo. "Taarifa" inamwacha mpangaji kuwa mwenyeji wa mgeni wake. Anakuarifu, hakuombi. Na "anachangia" si "faini". Nilijaribu faini ya shilingi 5,000 kwa usiku kabla sijapata akili. Mmoja alilipa 20,000 mapema, akaweka watu wawili wikiendi nzima kwa kujiamini, maana alikuwa amenunua. Faini inamwambia mtu ametenda kosa au inamuuzia haki, na vyote viwili havileti maji.

Hesabu ya kuchangia ni ya kichwa. Kama umeme wa mwezi ni shilingi 36,000 na mko wanane, kila kichwa ni 4,500. Mkazi wa muda akikaa mwezi mzima mnakuwa tisa, kila kichwa kinashuka hadi 4,000. Wapangaji wengine wanaona 500 imerudi mfukoni, na yule mgeni wanaanza kumsalimia kwa furaha zaidi. Kama kwenu mnagawana kwa chumba na si kwa kichwa, badilisheni hilo kwanza. Mgao wa chumba ndio unaowafanya watu wahesabu viatu vya wenzao mlangoni.

Bandika nakala moja ndani ya mlango wa koridoo. Usibandike getini, wapita njia hawahitaji kusoma mambo yenu.

## Hatua ya 7: Taarifa ije vipi, na wewe ujibu nini

Daftari la kaunta linaning'inia kwa uzi karibu na swichi ya koridoo, kila chumba na ukurasa wake. Mpangaji anaandika mwenyewe: tarehe, idadi. Hapa ndipo simu inaposhindwa. Taarifa ikija kwenye grupu la wasapu, wote wanajua nani ana mgeni, na wengine wanaanza kutania. Ikija kwako binafsi, utashawishika kuuliza maswali.

Asiyeweza kuandika akutumie ujumbe, nawe umuandikie. Jibu lako liwe fupi na la aina moja kwa wote: "Nimepata, karibuni sana." Ukimjibu mmoja "karibuni" na mwingine "sawa", watalinganisha. Ukimuuliza mmoja "ni nani huyo?" umerudi kule kwa ujumbe wa saa nne usiku.

Wiki mbili za kwanza watasahau. Usiandike kwa niaba yao bila kuwaambia, na usilalamike. Ukikutana na mgeni asubuhi bombani, msalimie, "Mbukwa, karibu Dodoma," kisha jioni mkumbushe mwenyeji: "Nimemuona mgeni, ukipata nafasi tia usiku wake kwenye daftari." Basi.

Utajua imekaa sawa siku mpangaji atakapokuambia mwenyewe, "Mama, mwezi huu nimebakiza mbili." Kwangu ilichukua wiki tano.

## Hatua ya 8: Usiku wa nane

Usingoje usiku wa ishirini. Ukiuachia wa nane, wa tisa na wa kumi, siku utakayosema mtu ataamini kuna jambo jingine lililokuudhi, na huenda likawa kweli.

Asubuhi ya siku ya nane mfuate mwenyeji, si mgeni, na sema kitu kimoja: "Saba zimefika. Anaondoka leo, au tumuweke kwenye hesabu ya wakazi?" Usiulize sababu. Akitaka kukueleza atakueleza, na hapo ndipo utasikia mambo ya hospitali au ya ndoa ambayo usingeyapata kwa kuuliza.

Mkazi wa muda anayekaa zaidi ya mwezi mpelekeni pamoja kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa aandikishwe. Kwa hilo huna haja ya kuona haya, kila mkazi hupita huko, na siku akihitaji barua ya utambulisho atakushukuru.

Akikataa vyote viwili, kuondoka na kuchangia, usipandishe sauti. Rudi na karatasi iliyosainiwa, mkiwa na mpangaji mmoja wanayemheshimu wote. Ikishindikana, mjumbe. Ikishindikana hapo, mkataba ukiisha usiuhuishe, na mpe notisi mapema kwa maandishi. Mimi nimefika hapo mara moja tu.

## Namba ikibadilika

Pima tena kila mgao wa maji unapobadilika au mpangaji anapoongezeka. Mwaka jana niliongeza tangi la lita 1,000, na kwa hesabu ya maji peke yake ningeweza kuwapa mara tatu na nusu ya zile za mwanzo. Niliwapa 10. Choo bado ni kimoja, na saa kumi na mbili asubuhi foleni yake haijali tangi lina lita ngapi.